Ayubu wa Mkondo C

Wanafunzi walimwita Mwalimu Polepole, na hakuna aliyejua kama walimsifu au walimkebehi. Alitembea polepole, alisema polepole, na akifuta ubao alianza pembeni kabisa kama mtu anayepiga deki. Alifundisha somo la dini tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Mkewe, mkunga katika kituo cha afya, alipenda kuwaambia wageni kwamba watoto wa mtaa ule hupitia mikononi mwa nyumba yao mara mbili: yeye huwapokea wakilia, na mumewe huwalaza usingizi.

Mwalimu Polepole alicheka kila mara, kwa sababu alijua ni kweli kiasi.

Mwaka huo alipewa mkondo C wa kidato cha pili. Chumba chao kilikuwa mwisho wa jengo, kando ya stoo ya madawati mabovu, na waliokaa humo walikuwa wale ambao kila mtihani uliwachekecha na kuwaacha juu ya chekeche. Walikuwa watoto wazuri. Walimpokea begi, walimfutia kiti, walijua nani kaachana na nani shule nzima. Ila kusoma ndiko kulikowashinda.

Hilo hakuliona siku ya kwanza. Walimu wengi hawalioni, maana mtoto asiyejua kusoma huwa fundi wa kulificha. Aliligundua walipofika mada ya mateso ya mtu mwema, habari za Ayubu. Aligawa vitabu, kimoja kwa watu watatu, akamwambia kijana wa dirishani asome. Kijana akakohoa, akaomba ruhusa ya kwenda chooni. Wa pili akasoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe: neno, kimya, neno, kimya, na alipofika ng'ambo hakujua alikotoka. Wa tatu alikuwa msichana mwembamba mwenye doa jeusi juu ya mdomo, ambaye wenzake walimwita Kidoti.

Kidoti alisoma kwa kasi na kwa sauti nzuri. Tatizo ni kwamba alichokisoma hakikuwemo kitabuni. Penye "haki" alisema "hakika", penye "hatia" akasema "hata", na palipomshinda kabisa alitunga. Sentensi alizotunga zilikuwa na maana kuliko zile walizobabaisha wenzake. Darasa likacheka. Naye akacheka nao, kisha akafunika ukurasa kwa kiganja, kama mtu anayeficha kidonda.

"Nyie wote," Mwalimu Polepole akauliza taratibu, "ukurasa huu nani anaweza kuusoma akanieleza umesema nini?"

Mikono miwili ikanyanyuka. Mmoja ukashuka.

Chumbani kwa walimu alishika tama. Mwalimu wa taaluma, kijana mchapakazi aliyepanga ratiba zote za shule na kulijua kila jina, akavuta kiti.

"Mzee wangu, C usihangaike nao kwa kitabu. Nina muhtasari. Mistari mitano, wanaukariri, wanaujibu, maisha yanaendelea."

Akamchapia. Ayubu alikuwa mtu mwema. Ayubu alipata mateso. Ayubu alivumilia wala hakulalamika. Mungu akamlipa mara mbili. Tunajifunza kuvumilia.

Basi akaufundisha. Na ulifundishika! Darasa zima liliimba ile mistari, wengine wakipiga meza, na kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze mikono yote ilinyanyuka. Mwalimu Polepole alijiona ametua mzigo. Alikuwa anakusanya chaki zake wakati Kidoti aliposimama.

"Mwalimu, nina swali."

"Uliza, binti yangu."

"Kwa hiyo mama hakuvumilia?"

Wote walijua kwamba mama yake Kidoti alifariki likizo iliyopita, baada ya kuugua muda mrefu.

"Alilia sana," Kidoti akaendelea, bila machozi, kama anayeeleza njia ya kufika mahali. "Usiku alikuwa anamuuliza Mungu kwa nini. Alikuwa anasema bora asingezaliwa. Ayubu hakulalamika, akapona. Mama alilalamika. Ndiyo maana hakupona?"

Mwalimu Polepole alifungua kinywa. Akasema, "Tutalizungumza, binti yangu. Kaa," akatoka na chaki mkononi, hata kitabu akakisahau.

Alikwenda moja kwa moja kwenye maandiko yenyewe. Hakuyafungua kwa ajili ya kufundishia, aliyafungua kama mtu aliyeambiwa kwamba amempa mgonjwa dawa isiyo yake. Akasoma kuanzia juu, na jasho likamtoka. Maana aliyajua yote haya, alikuwa ameyasomea, na bado aliyaacha mistari mitano iyameze. Ayubu alilalamika! Alivumilia mwanzoni, ndiyo, lakini baadaye alifungua kinywa akailaani siku aliyozaliwa. Alimtaka Mungu aje wahojiane. Marafiki zake watatu walikuja kumfariji, wakakaa naye kimya siku saba, na laiti wangeendelea kukaa kimya, maana walipoanza kusema walisema lile lile moja: huwezi kuteseka hivi bila kosa, tafuta ulipokosea. Na mwishoni kabisa, Mungu anawakasirikia nani? Hamkasirikii Ayubu aliyepiga kelele. Anawakasirikia marafiki, kwamba hawakusema yaliyo sawa juu yake kama alivyosema Ayubu.

Akaushika ule muhtasari. Ulikuwa umeandikwa kwa maneno mepesi, na hilo halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kwamba katika kurahisisha, ugomvi wote ulikuwa umetolewa, na ugomvi ndio uliokuwa somo. Kilichobaki kilikuwa mafundisho ya wale marafiki watatu. Alikuwa amesimama mbele ya yatima na kumfundisha, kwa wimbo, maneno ambayo maandiko yenyewe yanayakataa.

Jioni mkewe alimkuta mezani, karatasi zimemzunguka.

"Unahama?"

"Natafuta jinsi ya kuwapa Ayubu mzima watoto wasioweza kusoma nusu ukurasa."

Mkunga akakanda mabega yake mwenyewe, maana alikuwa ametoka zamu ndefu, akaketi. "Hebu nisomee."

Alikuwa ameanza kwa kile anachokijua kila mtu: kufupisha sentensi. Akamsomea. "Elifazi alisema. Ayubu ana kosa. Mtu mwema hapotei. Ayubu alikataa. Ayubu hana kosa. Ayubu anateseka."

"Ee," mkewe akasema. "Umewakatakata kama samaki wa kuuza vipande. Sasa huyu Elifazi amejuaje kuna kosa?"

"Kwa sababu Ayubu anateseka."

"Mbona hiyo 'kwa sababu' hukuiandika?"

Akaangalia karatasi. Kweli haikuwemo. Wala "lakini" haikuwemo, wala "hata hivyo", wala "ikiwa". Viunganishi hivyo alikuwa ameviona virefu, akavifyeka ili mistari iwe mifupi, na kumbe ndivyo vilivyobeba hoja mgongoni. Sentensi zilikuwa fupi sasa, lakini msomaji mdogo angelazimika kubuni mwenyewe ni nini kinaunganika na nini, yaani kazi ngumu kuliko ile ya mwanzo. Akairarua karatasi. Mkewe akaenda kulala, akisema kwamba angalau watoto anaowapokea yeye wanatoka wakiwa wazima.

Akaanza upya, na safari hii hakuanza na maneno. Alijiuliza kwanza: ni nini ambacho hakiwezi kutoka? Akakubaliana na nafsi yake juu ya mambo manne. Swali lenyewe, kwamba je, mateso ni ushahidi wa dhambi? Hoja ya marafiki, pamoja na sababu yao, isemwe kwa nguvu zake zote, isifanywe ya kijinga. Hoja ya Ayubu na kilio chake. Na jibu la Mungu, ambalo halielezi sababu ya mateso hata kidogo, bali linauliza: ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya dunia? Hayo hayaguswi. Kinachoguswa ni mlango wa kuyafikia.

Halafu akachagua vifungu vifupi vya maandiko yenyewe, akavinakili kwa herufi kubwa, mstari ukikatika pale mtu anapovuta pumzi. Viunganishi akavikoleza kwa wino. Maneno magumu akayaacha mahali pake, maana mtoto asiyelijua neno "hatia" hataijua kesi ya Ayubu, ila akayatenga matano, ya kufundishwa kabla ya yote: haki, hatia, kulalamika, subira, toba.

Alihitaji muda, akauomba. Mwalimu wa taaluma akaguna, lakini akampa vipindi viwili vya mchana ambavyo hakuna aliyevitaka.

Basi mkondo C wakajifunza "hatia" bila kitabu. Mwalimu Polepole aliwauliza: simu imepotea darasani, na mmoja wenu ana wasiwasi usoni, je, ana hatia? Wakabishana mpaka mlinzi wa geti akaja kuchungulia. "Wasiwasi siyo ushahidi!" akapaza sauti kijana wa dirishani, aliyekuwa hataki chooni tena. Ndipo mwalimu akaliandika neno ubaoni, wakalisoma, wakaligawa silabi, wakalitafuta kwenye karatasi zao wakaliwekea kidole. Waliokuwa wamesoma madrasa wakasema wanamjua Ayubu kama nabii wa subira, naye akawaambia ni sawa, na akawauliza kama hawakufundishwa pia kwamba alimlilia Mola wake kwa dhiki iliyompata. Wakakumbuka. "Basi subira na kilio vinaweza kukaa kinywa kimoja," akasema, na akaona Kidoti ameinua kichwa.

Alisoma kwanza yeye, kwa sauti, wao wakifuata kwa kidole. Kisha wakasoma wote pamoja naye. Kisha wawili wawili, kifungu kile kile, mara ya pili, ya tatu, mpaka ulimi ukazoea. Hakumnyooshea kidole mtu asome peke yake mbele ya wengine. Alipotoka kwenye kusoma aliwagawa: kundi la kila rafiki, yaani Elifazi, Bildadi na Sofari, na kundi la Ayubu. Kila kundi lilipaswa kusema hoja ya mtu wake na sababu yake, kwa mdomo, na aliwapa ngazi ya kupandia: "Yeye anasema... kwa sababu... Lakini Ayubu anakataa, kwa sababu... Mimi naona..." Walipoweza kusema ndipo walipoandika, na waliandika yale yale waliyokwisha kuyasema.

Ilikuwa kazi ya kobe. Kuna siku kundi la Bildadi lilisahau lote la jana. Kuna siku mvua ilipiga bati mpaka hakuna aliyemsikia mwenzake. Lakini siku ya mabishano, kijana mnene aliyekuwa Sofari alisimama, akafunga mikono nyuma kama hakimu, akasema: "Wewe Ayubu, unashukuru kweli? Adhabu uliyopewa ni ndogo kuliko kosa lako, kwa sababu Mungu anaona hata usiyoyaona." Darasa likaguna. Ilikuwa hoja yenyewe, haikupunguzwa chumvi.

Kidoti ndiye aliyekuwa Ayubu. Alisimama akiwa na karatasi, kisha akaiweka chini.

"Nyinyi mnasema mimi nina hatia kwa sababu nateseka. Lakini mlikuwepo nikikosa? Hamkuwepo. Mnamtetea Mungu kwa uongo. Mimi sitaki kuzungumza na nyinyi. Nataka kuzungumza na yeye."

Hakuna aliyepiga meza. Mwalimu Polepole alisoma jibu la kutoka katika dhoruba, maswali yale mazito ya bahari, nyota na misingi ya dunia, na hukumu juu ya marafiki. Kengele ikalia, watoto wakatoka wakisukumana. Kidoti akabaki.

"Mwalimu. Mwishoni aliambiwa sababu?"

"Hakuambiwa."

"Aliulizwa tu maswali."

"Aliulizwa maswali. Lakini alijibiwa. Yeye aliyeitwa alikuja."

Akafikiri. "Na wewe unaijua? Sababu?"

Alitamani kusema lolote. Alikuwa nayo mengi, ya vitabuni, ya mimbarani, ya misibani. "Siijui, binti yangu."

"Mama alilalamika kama Ayubu?"

"Kwa ulivyonieleza, ndiyo. Karibu maneno yale yale."

Kidoti akaitikia kwa kichwa, polepole. Hakutabasamu. Akachukua begi lake akatoka, naye akabaki na ubao uliojaa, bila kujua kama amemtua mtoto mzigo au amemwongezea.

Mitihani ya mwisho wa mwaka ilikuwa inatungwa nje ya shule na kuletwa imefungwa. Mwalimu Polepole alijua mtindo wake: kurasa nyingi, maelezo marefu, na maswali yenye mikia. Akaenda ofisini kwa mkuu wa shule, mama mmoja mpole aliyevaa miwani kwenye kamba.

"Mama, naomba mkondo C wasomewe maswali. Wasomewe tu. Wajibu wenyewe."

"Mwalimu, wasomewe na nani?"

"Na yeyote. Hata mtu asiyejua somo langu."

Mkuu akavua miwani. "Kanuni inamruhusu msomaji kwa mwenye ulemavu aliyethibitishwa na daktari. Hawa ni wazima."

"Lakini mtihani wa dini unapima dini. Kama hawawezi kuliona swali, tutakuwa tumepima macho."

"Ninakuelewa."

"Basi tuwahoji kwa mdomo. Niko tayari mwalimu mwingine awahoji, mimi nikae nje."

"Ninakuelewa, Mwalimu. Kweli ninakuelewa. Lakini nikikubali, wakaguzi wakija wakakuta darasa moja limesomewa, watayafuta matokeo ya shule nzima. Watoto wote. Utanibebea hilo?"

Hakuweza kulibeba. Wala hakuweza kumchukia, maana angekuwa yeye kwenye kiti kile angejibu hivyo hivyo. Akaandika maombi kwa ngazi ya juu. Majibu yalikuja, kwa lugha safi kabisa, kwamba suala lake limepokelewa.

Wiki zilizosalia alifanya alichoweza. Aliwafundisha maneno ya amri, yale yanayofungua swali: eleza, linganisha, toa sababu. Aliwafundisha kulisoma swali mara mbili na kupigia mstari kitenzi. Lakini kujifunza kusoma ni kama kujifunza kutembea, hakuna anayekupa miguu kwa wiki chache, na yeye mwenyewe hakuwahi kufundishwa namna ya kuwafundisha wakubwa hawa silabi. Alikuwa anajaza pipa kwa kiganja. Kijana wa dirishani aliendelea vizuri, kisha akaugua. Wengine walianza kuuliza kwa nini wasirudishiwe ile mistari mitano.

Siku ya mtihani alipangiwa kusimamia kidato cha nne, jengo la mbele. Aliomba ruhusa, akapita nje ya chumba cha C kama mtu anayepita nyumba ya mgonjwa asiyeruhusiwa kumwona. Kupitia dirishani alimwona Kidoti. Ameinama, kidole kiko mstari wa kwanza. Midomo inacheza. Mwalimu Polepole akaendelea na safari yake mpaka chooni, ambako hakuwa na haja nako, akarudi. Kidole kilikuwa bado ukurasa ule ule. Alijua jibu la swali lile, mtoto yule, alilijua kuliko walimu. Lilikuwa limesimama mbele yake nyuma ya mlango wa herufi, na ufunguo uko mfukoni kwa mwalimu wake hatua kumi kutoka pale. Msimamizi akainua macho. Mwalimu Polepole akaenda zake.

Kwa kuwa ndiye aliyewafundisha, hakusahihisha yeye. Alisahihisha mwalimu wa taaluma, kwa mwongozo ulioletwa pamoja na mitihani. Alipomaliza alimletea matokeo, na hakuwa na furaha.

"C hawakufanya vizuri, mzee wangu. Isipokuwa hawa wachache." Wachache wale ndio waliokumbuka muhtasari. Walikuwa wameuandika neno kwa neno, na mwongozo ulisema: mwanafunzi aeleze kwamba Ayubu alivumilia bila kulalamika.

"Mwongozo umekosea," akasema Mwalimu Polepole.

"Inawezekana. Lakini ndio mwongozo."

Akaomba kuiona karatasi ya Kidoti. Maswali mengi yalikuwa meupe. Penye la Ayubu, kwa herufi zilizopishana urefu kama meno ya mtoto, alikuwa ameandika: Malafiki wanasema unahatia kwa sababu unateseka lakini Ayubu anakata kwa sababu hawa kuwepo. Mungu hakusema kwanini. Alikuja.

"Unaona nini hapa?" akauliza.

Mwalimu wa taaluma akasoma, akasoma tena. Hakuwa mtu mbaya. "Naona hoja," akasema mwishowe. "Na 'kwa sababu' mbili. Lakini hakujibu kilichoulizwa. Swali lilitaka aeleze jinsi Ayubu alivyovumilia." Akaongeza alama moja, kwa penseli, kisha akaangalia mwongozo na kuifuta. "Nikimpa yeye bila msingi, nitampa na nani mwingine? Nisamehe."

Mwalimu Polepole akairudisha karatasi juu ya rundo.

Shule ilipofunguliwa Kidoti hakuonekana. Alikuja siku ya tatu, bila sare, pamoja na mama yake mdogo, mwanamke mwenye mikono mipana aliyefanya kazi ya kusuka nywele sokoni. Mama mdogo alitaka kumwona mwalimu wa dini. Wakasimama kwenye ukumbi mwembamba, wanafunzi wakiwapita pande zote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, dada. Karibu."

"Wewe ndiye uliyemfundisha huyu kujibizana na wakubwa?"

Mwalimu Polepole akamtazama Kidoti. Kidoti akatazama chini.

"Tulikuwa kwenye kumbukumbu ya marehemu dada," mama mdogo akasema. "Baba yake mkubwa, ndiye anayemlea sasa, akasimama kuzungumza. Akasema ugonjwa ule haukuja bure, kwamba dada alikuwa na jambo lake na Mungu, na familia itubu. Watu wameinamisha vichwa. Huyu akasimama. Mtoto! Akasema, 'Baba mkubwa, marafiki wa Ayubu nao walisema hivyo, na Mungu aliwakasirikia.' Halafu akauliza, 'Ulikuwepo mama akikosa?' Mbele ya watu wote."

"Na watu walisemaje?"

"Watasema nini? Walikaa kama wamemwagiwa maji."

"Dada, nilimfundisha mimi," akasema. "Siyo kumvunjia heshima mkubwa. Lakini maneno hayo aliyapata kwangu, na ni ya kweli."

Mama mdogo akageukia ukuta kidogo, akajipangusa kwa ncha ya kanga. Alipogeuka sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mimi ndiye niliyemuuguza dada yangu. Nilimwosha mimi. Siku ile nilitamani mtu yeyote aseme. Mimi sikuweza, nina miaka arobaini, nilinyamaza." Akavuta pumzi. "Lakini sasa baba mkubwa amesema hamsomeshi tena. Anasema kama shule inamfundisha hivyo, na bado matokeo ndiyo haya, anakaa shuleni afanye nini? Nami sina la kumjibu. Hata jina la barabara hajui kulisoma, Mwalimu. Nitaondoka naye, nimepata kibanda mji mwingine. Atajifunza kusuka."

"Niachie mwaka mmoja. Nitamfundisha kusoma mwenyewe, mchana, bila kitu chochote."

"Atalala wapi?"

Akamfikiria mkewe, chumba kimoja cha ziada ambamo sasa walikaa wazazi wake wawili wazee. Akasema atazungumza na mkuu wa shule. Mama mdogo akasema asante, kwa namna ya mtu anayeshukuru kwa maji wakati alichoomba ni njia. Mkuu wa shule alizungumza na baba mkubwa kwa simu, kwa upole na kwa muda mrefu, na baba mkubwa alijibu kwa upole vile vile, na hakuna kilichobadilika.

Kidoti alirudisha vitabu stoo, akaja kumuaga.

"Mwalimu, nilikuponza?"

"Hapana, mwanangu. Kama kuna aliyeponza ni mimi."

"Hujaniponza." Akasita. "Ile siku nilisema vizuri. Hata kama yamekuwa hivi."

Alitaka kumwambia amtafute, aendelee kusoma mabango, atafute mtu wa kumfundisha, asiache. Akayasema yote, haraka haraka, yeye ambaye hakuwahi kuharakisha, na akaona jinsi yanavyompita mtoto kama maneno ya mtu aliye juu ya kilima. Akampa karatasi za Ayubu, zile za herufi kubwa. Kidoti akazikunja akaziweka ndani ya mfuko wake, akampa mkono, akaenda kumfuata mama yake mdogo getini.

Hakumwona tena. Aliwahi kusikia kwamba anasuka vizuri na wateja wanampenda, na kwamba anaongea sana. Kama alijifunza kusoma, hakuna aliyemjulisha.

Mkondo C uliendelea. Mwaka uliofuata alipewa tena, na mwongozo wa mtihani ulikuwa ule ule. Akawafundisha Ayubu mzima, kwa sauti, kwa makundi, kwa viunganishi vilivyokolezwa wino. Kisha siku za mwisho, akiwa amegeukia ubao ili wasimwone uso, akawaandikia na mistari mitano ya kukariri kwa ajili ya mtihani, akawaambia ukweli kwamba hii siyo hadithi yenyewe, ila ndiyo itakayosahihishwa. Msichana mmoja wa mbele akauliza waamini ipi.

"Ya kuamini mmekwisha kuisoma," akasema. "Hii andikeni."